Mtuhumiwa Akivukia Nakonde: Yanayopaswa Kuwa Jaladani Kabla Hajakamatwa

Ndugu mnaoishi nje na kutuma fedha Mbeya kununua viwanja, siku mtakapotapeliwa na aliyewatapeli akavuka mpaka, msidhani kwamba kazi ngumu ni kumpata. Kumpata kunaweza kuwa rahisi. Kazi ngumu ni kuwa na jalada ambalo hakimu wa nchi nyingine ataliona kuwa ni la jinai, na kuwa nalo kabla mtu huyo hajakamatwa. Familia yetu iliumizwa na jambo hili, na mimi niliyekuwa Uingereza nilishuhudia kwa simu mtuhumiwa akiachiwa huko Zambia wakati kila mtu nyumbani akiamini kwamba analetwa.

Dalali alipokea fedha zangu za kiwanja cha Uyole, akatoa hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, na mwenye kiwanja halisi alipojitokeza ikabainika kwamba mhuri ule ulighushiwa. Hilo ni kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ambalo Kanuni ya Adhabu inaliwekea kifungo cha hadi miaka 7 katika kifungu cha 302, na juu yake kuna kosa la kughushi. Lakini kabla ya kwenda polisi, wazee wetu walimwita dalali nyumbani, wakaketi naye, na jioni shangazi akanipigia simu kwa furaha: "Mwanangu, jambo limekwisha, kijana ametia saini kwamba atarudisha fedha zote kwa awamu."

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Karatasi ile ilisema "nadaiwa" na "nitalipa", na haikutaja popote mhuri wa kughushi wala mwenye kiwanja. Dalali alilipa awamu ya kwanza, kisha akaelekea Tunduma. Wote tunajua Tunduma ilivyo: maduka yanatazamana na ya Nakonde upande wa Zambia, na mtu asiye na mzigo huvuka kwa miguu kama anayekwenda kununua vocha.

Polisi wa nchi hizi za kusini mwa Afrika wana utaratibu wa kupashana habari, na baada ya muda tuliambiwa kwamba amekamatwa upande wa pili. Familia ilishangilia. Ninaomba msomaji asishangilie kukamatwa kwa namna hii, kwa sababu ni kukamatwa kwa muda tu, kunakosubiri ombi rasmi la serikali kwa serikali. Itifaki ya SADC ya Kurejesha Watuhumiwa, iliyotiwa saini Luanda mwaka 2002, inasema kwamba ombi hilo lisipofika katika siku 30 tangu kukamatwa, mtu huyo huachiwa. Siku hizo huanza kuhesabiwa anapokamatwa, iwe jalada la Mbeya limekamilika au halijakamilika.

Ombi lenyewe linahitaji hati ya kukamatwa iliyotolewa na mahakama au nakala yake iliyothibitishwa, maelezo ya tukio, kifungu cha sheria kilichovunjwa na adhabu yake, na maelezo ya kumtambua mtuhumiwa. Nchi inayoombwa hutazama iwapo kitendo kilichoelezwa ni kosa katika nchi zote mbili, na iwapo adhabu yake ni kifungo cha angalau mwaka mmoja. Udanganyifu na kughushi hupita kipimo hicho bila shida. Deni halipiti, kwa kuwa mtu harejeshwi kutoka nchi nyingine kwa sababu anadaiwa.

Sasa fikirini mwendesha mashtaka anafungua jalada letu huku siku zikihesabiwa, na karatasi ya juu kabisa ni ile ya makubaliano ya kulipa. Karatasi ile haikufuta jinai, lakini ilimpa wakili wa dalali maneno ya kusema kwamba haya ni madai ya kawaida. Ilibidi maelezo yachukuliwe upya: ya mwenye kiwanja, ya mwenyekiti wa mtaa ambaye mhuri wake ulighushiwa, na yangu mimi niliyetuma fedha. Maelezo yangu yalipaswa kuapwa mbele ya mthibitishaji hapa Uingereza na kupitia ubalozi wetu London kabla ya kutumwa. Siku ziliisha karatasi zikiwa njiani.

Narudia, na wazee wangu wanisamehe: msitie saini makubaliano ya kulipa na mtu aliyeghushi. Akitaka kurudisha fedha, azirudishe, mwandike stakabadhi ya kiasi kilichopokelewa na msiandike neno zaidi. Kikao cha ukoo kina heshima yake katika ugomvi wa ndugu, lakini kwa tapeli kikao hicho ni muda wa kufunga mzigo. Nendeni polisi siku hiyo hiyo, na mnapoandika maelezo semeni alichodanganya, kwa maneno gani, na kwa karatasi ipi. Tajeni makosa yote mapema, kwa sababu mtu aliyerejeshwa hushtakiwa kwa makosa yaliyomo katika ombi, na kuongeza mengine baadaye kunahitaji ridhaa ya nchi iliyomtoa.

Kuna watakaowaambia kwamba Interpol itamaliza kila kitu. Interpol haipokei ombi la notisi nyekundu, yaani tangazo la kumsaka mtu kimataifa, kutoka kwa mtu binafsi. Hupokea kutoka kwa ofisi ya taifa ya polisi, na kila nchi huamua yenyewe notisi hiyo ina nguvu gani kwake.

Wengine, baada ya dalali wetu kuachiwa, walijitolea kumrudisha usiku kwa malipo. Nilikataa kwa ukali na ninawasihi nanyi mkatae. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Afrika Kusini ilitengua hukumu ya mshtakiwa aitwaye Ebrahim kwa sababu alitekwa nyara Swaziland na kuvushwa mpaka. Mtu aliyeburuzwa kutoka Nakonde anaweza kuiharibu kesi, na mliomlipa mburuzaji mkageuka washtakiwa.

Kuhusu fedha zilikokwenda, taarifa ambazo polisi hupeana husaidia kumtafuta mtu, lakini rekodi za benki ya nje zinazotakiwa mahakamani huombwa rasmi kupitia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya mwaka 1991. Kwa rekodi za akaunti yako mwenyewe huna haja ya kupitia serikalini. Ziombe benki yako mapema zikiwa na muhuri.

Hapa Uingereza nimejifunza kwamba upole wa watu wa ofisini si ahadi. Wanakusikiliza, wanakupa pole, kisha wanauliza karatasi iko wapi, na mwanasheria wako anakutoza kwa vipande vya dakika 6 hata pale anapokupa pole. Zamani niliuona huo kuwa ubaridi wa moyo. Baada ya mambo ya Nakonde ninaona kwamba ukali wao juu ya maandishi ndio uliokosekana kwenye meza ya wazee wangu siku ile.

Kuachiwa baada ya siku 30 hakumaanishi kwamba kesi imekufa, kwa kuwa Itifaki inaruhusu mtu akamatwe tena ombi likifika baadaye. Ombi letu sasa limekamilika, likiwa na mashtaka ya udanganyifu na ya kughushi, na karatasi ya makubaliano imo jaladani pamoja na maelezo ya mwenyekiti wa mtaa yanayoonyesha kwamba ilitiwa saini baada ya mhuri kughushiwa. Kinachokosekana ni dalali mwenyewe, ambaye tangu atoke mahabusu hajaonekana tena Nakonde.