Somo: Kugeuza nembo iliyozalishwa na AI kuwa vekta safi ya kuchapa

Swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi mno, basi naliweka hapa. Natumia Inkscape. Mfano wetu ni ndege wa buluu ndani ya duara, na neno chini yake.

1. Chukua faili kubwa kuliko zote ulizonazo, PNG ikiwezekana.

2. Iingize, ifunge isisogee.

3. Duara na maandishi usiyatresi. Duara la picha hizi mara nyingi limebonyea upande, na herufi mbili zinazofanana hazilingani unene. Chora duara upya. Tafuta fonti inayokaribiana, andika neno, kisha Path > Object to Path.

4. Ndege ndiye wa kutresi, na hapa ndipo nilipoharibu kazi ya mteja. Nilichagua Multicolor, rangi 8, na kwenye skrini ikapendeza. Kumbe ukingo wa ndege si buluu tupu: kati ya buluu na weupe kuna pikseli za buluu iliyofifia, na programu ikazitengenezea umbo lake. Mashine ya kukata stika ikalifuata. Bawa likatoka limezungukwa na uzi mwembamba kama unywele, unaobanduka ukiugusa. Stika zote nikazitupa.

Kwa hiyo ifungue picha uliyoifunga, ichague, nenda Path > Trace Bitmap, utumie Single scan, Brightness cutoff, uanze na 0.450. Buluu ikiwa nyepesi, pandisha hadi ndege atokee mzima. Kisha bonyeza F2, chagua nodi zote, usome idadi chini ya dirisha. Wangu alikuwa na 1,140. Baada ya Ctrl+L mara moja na kufuta kwa mkono zikabaki 58. Angalia: ukiirudia Ctrl+L ovyo, ncha ya mdomo inakuwa butu.

5. Futa picha ya asili, washa View > Display Mode > Outline. Mstari usiojua umetoka wapi, ufute.

6. Hifadhi PDF.

MASWALI

kijani22: Mimi nimeihifadhi kama SVG tu, mchapaji kaikataa.

Jibu: Hukutresi. PNG ndani ya SVG bado ni PNG. Hatua ya 4.

mzee_wa_stika: Nimefuata zote, haifanyi kazi.

Jibu: Haifanyi nini? Leta picha ya Outline.

bi_rangi: Nikiwa na rangi mbili zinazogusana, kwenye chapa hutokea mstari mweupe katikati. Nitresi vibaya?

Jibu: Hapana dada, umetresi sawa. Karatasi husogea kidogo kati ya rangi moja na nyingine, pengo likaonekana. Tanua rangi nyepesi kwa Path > Outset iingie chini ya ile nzito, robo milimita hivi. Lakini muulize kwanza mchapaji wako, maana wengine hufanya wenyewe na mkifanya wote inazidi.

bi_rangi: Ahsante sana. Na buluu yangu ilitoka imepauka.

fundi_wino: Nidakie hapo. Skrini inaonyesha buluu ambayo wino wa CMYK hauifikii. Omba kitabu cha sampuli za Pantone, chagua kwa macho, umpe mchapaji namba.