Soma namba za ndani ya miwani kabla ya kununua fremu nyingine

Kama una miwani inayokukaa vizuri, geuza mkono wake uangalie upande wa ndani. Utakuta kitu kama 52□18 140, vyote kwa milimita. Wakati mwingine huandikwa chini ya daraja la pua. 52 ni upana wa lenzi moja, 18 ni nafasi kati ya lenzi mbili inapokaa pua, na 140 ni urefu wa mkono pamoja na ule mpindo wa nyuma ya sikio. Tafuta fremu yenye namba zinazokaribiana na hizo.

Jumlisha mbili za kwanza: 52 na 18 ni 70, yaani umbali kati ya vitovu vya lenzi. Kama mboni zako zimeachana milimita 62, fundi atasogeza kila lenzi milimita 4 kuelekea puani, na kwa wasioona vizuri mbali, wanaovaa lenzi za alama ya kutoa zenye nguvu kubwa, ukingo wa nje unabaki mnene. Fremu ya 48□18 ina 66 tu, kwa hiyo lenzi inatoka nyembamba zaidi. Duka la miwani litakupimia mboni kwa dakika moja.

Namba hizi hazisemi kimo cha lenzi wala upana wa fremu nzima. Na pua ikiwa bapa, fremu ya plastiki isiyo na vipedi vya pua inaweza kuteleza hata namba zikifanana kabisa; hiyo ijaribu usoni kwanza.