Kiwele kilichovimba na chuchu iliyochanika: mtamba aliyezaa mara ya kwanza

Juzi jirani aliniita alfajiri. Mtamba wake alizaa usiku, kiwele kimejaa hadi karibu na kitovu, na wakati wa kuinuka alijikanyaga chuchu ya nyuma ya kushoto. Nimeandika tulivyofanya.

Hatua ya 1: Bonyeza. Kandamiza kiwele kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikibaki kama kwenye unga uliokandwa, ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, jambo la kawaida kwa uzao wa kwanza. Lakini robo moja ikiwa ngumu na ya moto, maziwa yana madonge, au joto la mwili linapita nyuzi 39.5, huo ni ugonjwa wa kiwele. Mwite daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Punguza uvimbe. Kamua mara 3 kwa siku, kanda kiwele kuanzia chini kwenda juu, mtembeze. Ondoa jiwe la chumvi kwa sasa. Uvimbe hupungua kwa wiki moja au mbili.

Hatua ya 3: Chuchu. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha tazama: je, maziwa yanatoka kwenye kidonda chenyewe? Yakitoka, mfereji umepasuka. Daktari ashone siku hiyo hiyo, kwani kidonda kikichelewa hushonwa kwa shida na mara nyingi hubaki na tundu.

Kama ni ngozi tu, usishone. Paka mafuta ya kukamulia, shika chuchu kwa kiganja kizima na ukamue polepole. Kuvuta kwa vidole viwili ni kukirarua upya. Mimi sikubali mtu akamue hivyo hata chuchu nzima. Mashine iweke kando kwa robo hiyo. Ndama naye anywe dang'a kwenye chupa, maana meno yake hufungua kidonda.

Atarusha mateke, na hapo utashawishika kuchomeka mrija ili maziwa yatoke yenyewe. Mwaka fulani nilifanya hivyo kwa mrija niliousuuza tu kwa maji ya moto. Siku ya tatu madonge yakaanza, na robo ile haikurudi tena. Mrija uwe mpya, uliofungwa kiwandani. Ncha ya chuchu isuguliwe kwa spiriti hadi pamba itoke nyeupe, tena uingie kidogo tu. Ningependa zaidi daktari afanye.

Baada ya kila kukamua, chovya chuchu kwenye dawa ya iodini yenye gliserini. Bila gliserini ngozi hukauka na kupasuka tena.

Hatua ya 4: Malalo makavu, na nafasi ya kutosha kuinukia.

Wa jirani hakuhitaji mshono. Siku ya 9 alama ya kidole haikubaki tena, na gaga la kidonda lilidondoka lenyewe siku chache baadaye.