Jinsi ya Kuomba Kuunganisha Shamba la Upepo na Gridi Mkoani Tabora: Kebo za Kukusanya Umeme na Ukubwa wa Transfoma

Mwombaji ataanza kwa kuiandikia TANESCO barua ya kuomba sehemu ya kuungia umeme na taarifa zake, hasa kilovolti za laini na ukubwa wa mkondo wa hitilafu. Asiagize transfoma kabla ya kupata majibu.

Tuchukulie mradi wa mitambo 10 ya megawati 3 kila mmoja, unaopewa nafasi kwenye kV 132. Kila mtambo huzalisha umeme wa volti 690, na transfoma ndogo iliyo chini ya mnara huupandisha hadi kV 33. Kwa pawa fakta ya 0.95, MW 30 ni sawa na MVA 31.6, yaani takriban ampea 553 kwenye kV 33. Mkondo huo ni mzito kwa kebo moja ya kawaida, kwa hiyo mchoro uoneshe fida mbili za mitambo mitano mitano, kila moja ikibeba ampea 276. Kebo inayotoka mtambo wa mwisho hubeba ampea 55 tu, hivyo inaweza kuwa nyembamba, nayo itanenepa kadiri inavyokaribia kituo cha kupoza umeme.

Hatua inayofuata ni transfoma kuu ya kV 33/132. Wapo wanaojaza MVA 32, nami siwashauri. Transfoma za kawaida hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, ilhali Tabora iko takriban mita 1,200, na joto la Oktoba halisaidii kuipoza. Aidha, volti ikishuka, mkondo hupanda kwa megawati zilezile. MVA 40 inatosha.

Kosa linalochelewesha maombi mengi ni kudhani kwamba pawa fakta ya mitambo ndiyo itakayofika kwenye gridi. Kwa pawa fakta hiyo, mitambo inaweza kutoa MVAr 9.9. Transfoma kuu yenye impidansi ya asilimia 12 hula takriban MVAr 3 kwa mzigo kamili, na transfoma ndogo 10, zikiwa za MVA 3.5 na impidansi ya asilimia 6, hula 1.7. Zinabaki takriban 5.2, pamoja na kiasi kidogo kinachoongezwa na kebo za ardhini. Ikiwa masharti yanadai 0.95 upande wa kV 132, pengo linaloweza kufika MVAr 4.7 lizibwe kwa benki ya kapasita, nayo ioneshwe kwenye mchoro tangu mwanzo.

Ambatisha mchoro wa mstari mmoja, jedwali la kebo, sifa za transfoma pamoja na kibadilisha tapu kinachofanya kazi transfoma ikiwa na mzigo, na hesabu za mtiririko wa umeme. Cheti cha mazingira huombwa NEMC, na leseni ya kuzalisha huombwa EWURA. Hakikisha MW zilizoandikwa katika nyaraka zote ni zilezile.