Kabla hujapima pH ya chumvi, angalia wazazi wake

Wanakemia wenzangu wa Tanga, chumvi si lazima iwe katikati ya asidi na besi, yaani pH 7. Sodiamu asetati imetokana na besi kali na asidi dhaifu, ile ya siki. Sodiamu haina shughuli na maji. Asetati ndiyo inayoyanyang'anya protoni:

CH3COO⁻ + H2O ⇌ CH3COOH + OH⁻

OH⁻ zikizidi, mmumunyo wa 0.1 M unafika pH 8.9 hivi. Kwa amonium kloraidi mambo yanageuka. Kloraidi imetulia, amonium ndiyo inayoyapa maji protoni:

NH4⁺ + H2O ⇌ NH3 + H3O⁺

Hapo pH ni kama 5.1. Asidi yenyewe ni hafifu, kwa hiyo msitumie maji ya kisima. Mwamba wetu mwingi ni wa chokaa, kama wa mapango ya Amboni, na bikaboneti iliyomo majini huimeza asidi hiyo, mkaona kana kwamba chumvi imegoma. Tumieni maji yaliyokenekwa. Nayo yachemsheni kwanza, yapoe yakiwa yamefunikwa, maana kaboni dioksidi ya hewani peke yake huyashusha hadi karibu 5.6.