Kuchanganya juisi na maji kwa uwiano: ukigusa renji ya transmita, umegusa na lupu

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kidogo cha juisi hapa Iringa. Wanachanganya juisi nzito ya embe na maji, lita 1 kwa lita 4. Vali ya juisi ilikuwa inacheza, inafunguka na kufunga bila kutulia, na kila mtu aliapa kwamba kontrola haijaguswa. Walisema kweli. Kilichoguswa ni transmita: fundi aliona juisi haivuki lita 1,000 kwa saa, akapunguza renji kutoka 0–2,000 hadi 0–1,250 ili asome kwa usahihi zaidi. Uwiano aliurekebisha vizuri. Geini akaisahau.

Hatua ya 1: jua nani anaongoza. Pale maji ndiyo yanayoongoza, kwa sababu bomba lilelile linalisha na mashine ya kuoshea chupa, hivyo yanapanda na kushuka yatakavyo. Juisi inafuata. Unapima maji, unazidisha kwa uwiano, na jibu linakuwa lengo la kontrola ya juisi.

Hatua ya 2: tafuta kizidishi. Kontrola ile haijui lita, inajua asilimia ya renji. Kwa hiyo uwiano wa 0.25 hauingizwi hivihivi:

```
K = uwiano × (renji ya maji / renji ya juisi)
zamani: 0.25 × 8000 / 2000 = 1.0
sasa:   0.25 × 8000 / 1250 = 1.6
```

Hakikisha kwa mkono. Maji lita 4,000 ni asilimia 50. Zidisha kwa 1.6, unapata 80. Asilimia 80 ya 1,250 ni lita 1,000. Sawasawa.

Hatua ya 3: pima geini upya. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Toa kontrola kwenye oto, uiweke mkononi. Kama mtiririko unatulia, tatizo liko ndani ya lupu yenyewe. Kama bado unayumba, katafute kwenye pampu au presha. Pale ulitulia. Nikafungua vali asilimia 10 zaidi, juisi ikapanda lita 200 kwa saa. Kwenye renji ya zamani lita hizo ni asilimia 10, kwenye mpya ni asilimia 16. Bomba ni lilelile na vali ni ileile, lakini machoni pa kontrola mtambo umekuwa mkali mara 1.6. Basi geini ya kontrola lazima ishuke kwa kiasi hicho: ilikuwa 0.8, nikaweka 0.5. Muda wa intego sikuugusa, maana kasi ya bomba haikubadilika. (Kama kontrola yako ina geini ya intego inayojitegemea, nayo igawanye kwa 1.6.)

Hatua ya 4: angalia ukomo. Juisi ikifika 1,250, transmita imeishia hapo. Maana yake maji yakivuka lita 5,000 kwa saa, lengo la juisi linagota asilimia 100 na kinywaji kinakuwa chepesi, wala hakuna kengele itakayolia usipoiweka mwenyewe. Mimi ningeacha 0–2,000.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mafinga:* Fundi, na K imepanda mara 1.6. Hiyo nayo haikuongeza geini ya lupu?

Hapana, ndugu yangu. K inakaa nje ya lupu, inapanga lengo tu. Juisi ikibadilika, badiliko lake halipiti kwenye K kurudi kwa kontrola.

*Mwanachama wa Tukuyu:* Shikamoo fundi. Sisi tunagawanya juisi kwa maji, kisha kontrola inashika ule uwiano wenyewe. Mchana shwari, usiku maji yakipungua vali inacheza.

Marahaba. Kwenu kigawanyo kiko ndani ya lupu, ndiyo maana. Maji yakiwa lita 4,000, nyongeza ya lita 200 za juisi inasogeza uwiano kwa 0.05. Maji yakishuka hadi 1,000, lita zilezile 200 zinausogeza kwa 0.2. Geini imepanda mara nne na hakuna aliyegusa kitu. Mkiitengeneza kwa hali ya usiku itatulia, ila mchana itakuwa goigoi. Hamieni kwenye kuzidisha, na uwiano wa kugawanya ubaki wa kusoma kwenye skrini tu.

*Mwanachama wa Makambako:* PLC yangu inatumia lita moja kwa moja. Hesabu hii inanihusu?

Inategemea, dada. Kama hesabu ya PID inafanyika kwa lita tupu, lita 200 zinabaki 200, geini haibadiliki. Lakini bloku nyingi zinapokea lita kisha zinazigeuza asilimia ndani kwa ndani, kwa renji uliyoijaza. Zima intego na derivativu, sogeza lengo lita 100, soma vali imeruka kiasi gani. Badili renji ya bloku, rudia. Mruko ukibadilika, umepata jibu.