Kumuagiza dizaina kwa barua pepe: marekebisho mawili ni yapi?

Tuseme unatengeneza sabuni ya mwani Jambiani na unataka lebo. Dizaina yuko mjini, mnaandikiana tu. Mimi huagiza kazi kama hizi mara kwa mara, na ugomvi mwingi niliouona haukutokana na bei. Ulitokana na "badilisha kidogo tu" ya mara ya tano.

Hatua ya 1: Muulize mchapaji kwanza. Akwambie vipimo, aina ya faili na siku anazohitaji.

Hatua ya 2: Taja kazi kwa vitu vinavyohesabika. "Lebo nzuri ya kuvutia" haimwambii dizaina kitu. Taja pia faili la asili linaloweza kuhaririwa. Bila hilo, siku ukiongeza sabuni ya mdalasini utalipia mchoro upya.

Hatua ya 3: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma. Lebo zinatakiwa tarehe 28 Juni, mchapaji anataka siku 7, basi faili lifike tarehe 18 ili ibaki nafasi ya dharura. Nawe ujifunge: ukichelewa kujibu, tarehe inasogea.

Hatua ya 4: Eleza rekebisho ni nini. Hapa usione uvivu kuandika. Duru moja ya marekebisho ni maoni yote kwa pamoja, katika barua moja. Ukituma rangi asubuhi, maandishi jioni na wazo la shemeji yako kesho yake, kwa dizaina hizo ni duru tatu, na ana haki. Kosa lake mwenyewe, kama herufi aliyoiruka, halihesabiwi. Kutaka mchoro mpya kabisa baada ya kuukubali wa kwanza si rekebisho, ni kazi nyingine.

Barua yenyewe:

> Assalaam aleikum dada,
>
> Naomba lebo 3 za sabuni (mwani, karafuu, mchaichai): mpangilio mmoja, rangi tofauti, milimita 60 kwa 90. Maneno na picha nimeambatanisha.
>
> Nipate PDF ya kuchapisha, rangi za uchapaji za CMYK, ziada ya kukatwa ya milimita 3 kila upande, pamoja na faili la asili.
>
> Rasimu: 8 Juni. Faili la mwisho: 18 Juni. Nitajibu kila rasimu ndani ya siku 2; nikichelewa, tarehe inasogea.
>
> Malipo: shilingi 240,000. Nusu ukianza, nusu nikiidhinisha rasimu ya mwisho, kabla hujatuma mafaili. Nikisitisha kazi baada ya rasimu, advansi ni yako.
>
> Marekebisho: duru 2. Duru moja ni maoni yangu yote katika barua moja; kosa lako halihesabiwi, na mchoro mpya kabisa baada ya kuukubali wa kwanza ni kazi nyingine. Kila duru ya ziada 20,000, tukikubaliana kabla hujaifanya.
>
> Ukiridhika, nijibu umekubali.

Akitaka kubadili kitu, mwombe airudishe barua nzima ikiwa imesahihishwa. Advansi usiitume kwa "sawa" ya kwenye simu. Ngoja jibu la maandishi, kisha umtumie, na namba ya muamala uiandike kwenye mazungumzo hayo hayo.